Beringi Dukani, Sili Mtandaoni: Gharama za Kufufua Mashine ya Kufulia

Mashine ya kufulia ya mlango wa mbele ikianza kunguruma kama ndege inayotaka kuruka, na kelele hizo zikazidi wakati wa kukamua, mafundi wengi watakwambia neno moja tu: beringi. Mara nyingi watakuwa wamesema kweli. Unaweza kuhakikisha mwenyewe kabla hujamlipa mtu nauli. Chomoa waya ukutani, fungua mlango, shika ukingo wa juu wa pipa la chuma, kisha litikise juu na chini. Pipa likienda pamoja na tangi la plastiki lililolizunguka, hakuna neno, kwa kuwa vyote viwili vinaning'inia kwenye springi. Lakini pipa likicheza peke yake ndani ya tangi, beringi zimekwisha.

Baada ya hapo huja swali la vipuri, na hapo ndipo fedha zinapopotea. Ukiingia mtandaoni utakuta seti za beringi mbili na sili moja, picha nzuri, bei ya kuvutia, na maelezo kwamba "inafaa LG zote" au "inafaa Samsung zote". Maneno hayo si kweli hata siku moja. Kampuni moja hutumia beringi na sili za saizi tofauti kulingana na ukubwa wa mashine, na tofauti yake katika picha ya simu haionekani kabisa.

Kwanza tujue kinachoharibika. Nyuma ya tangi la plastiki kuna tundu linalopitisha shafti ya pipa. Shafti hiyo imekaa juu ya beringi mbili: kubwa upande wa pipa, ndogo upande wa nyuma ambako kuna mota au puli. Mbele ya ile kubwa, yaani upande wa maji, imepachikwa sili, pete ya mpira yenye mdomo unaoibana shafti ili maji ya sabuni yasipite. Katika mashine nyingi kinachotangulia kufa ni sili. Mdomo wake unalika, maji yanapenya taratibu, grisi inaoshwa, kutu inaingia, kisha ndiyo tunasikia ngurumo. Kwa hiyo anayenunua beringi bora kabisa na kuziweka nyuma ya sili ya ovyo ananunua miezi michache ya utulivu. Sili ndiyo ya kuitafuta kwa makini, ingawa kwa bei ndiyo ndogo.

Nichukue mfano wa mashine za LG za mlango wa mbele ambazo mota yake imefungwa moja kwa moja nyuma ya tangi, bila mkanda. Ziko nyingi majumbani, na zinaonyesha vizuri mtego wenyewe. Modeli nyingi za ukubwa wa kawaida hutumia beringi 6205 na 6206 pamoja na sili yenye namba 4036ER2004A. Zilizo kubwa zaidi hutumia 6305 na 6306, na sili yake ni 4036ER2003A. Tazama tena namba hizo mbili za sili: zinatofautiana tarakimu moja tu. Tundu la ndani la zote mbili ni milimita 37, kimo chake ni kilekile, rangi ni ileile. Ila ya kwanza ina kipenyo cha nje cha milimita 66, na ya pili 76. Muuzaji aliyepiga picha moja na kuitumia kwa bidhaa zote mbili hatakusaidia kuzitofautisha, wala macho yako hayataziona hizo milimita kumi.

Safari ya kuipata iliyo sahihi inaanzia kwenye lebo. Modeli haisomwi kwenye maandishi makubwa ya mbele, kwa sababu pale mara nyingi utakuta ukubwa wa kilo na jina la biashara tu. Isome kwenye kibandiko kilichopo ndani ya fremu ya mlango au nyuma ya mashine. Piga picha nzima, usiandike kwa kukumbuka. Kinachoachwa na wengi ni mkia wa modeli: kwenye LG kuna kundi la herufi linalofuata jina la modeli, na kwenye Samsung kuna mkwaju kisha herufi mbili au zaidi. Mkia huo unaeleza mashine ilitengenezwa kwa soko gani na ni toleo lipi. Mashine iliyonunuliwa Dubai ikaja Dar es Salaam kwa meli inaweza kuwa na jina sawa na ya jirani aliyenunua Mlimani City, halafu ndani zikatofautiana. Namba ya mfululizo nayo isiachwe. Kwa LG, tarakimu ya kwanza ni ya mwisho katika mwaka wa kutengenezwa, na mbili zinazofuata ni mwezi. Ikianza na 305, mashine ni ya mwezi wa 5 wa mwaka unaoishia na 3. Kama modeli ilibadilishwa kifaa katikati ya uhai wake, tarehe hiyo ndiyo itakayoamua.

Ukiwa na modeli kamili, tafuta mchoro wa vipuri vyake, ule unaoonyesha mashine imefumuliwa kila kipande na namba yake. Hapo utapata namba ya sili kama mtengenezaji anavyoiandika. Namba hiyo ndiyo unayoiingiza kwenye sanduku la kutafutia, ikifuatwa na vipimo, bila maneno mengine:

```
4036ER2004A 37x66x9.5/12
```

Namba peke yake inaweza kukuletea bidhaa iliyoandikwa namba hiyo kwa kubahatisha. Vipimo peke yake vitakuletea sili za magari na mashine za kusukuma maji. Vikiwa pamoja, muuzaji asiyejua anachouza atajitenga mwenyewe, maana tangazo lake litakosa kimoja. Na vipimo vyenyewe havina fumbo: 37 ni upana wa tundu la ndani, 66 ni kipenyo cha nje, 9.5 ni kimo cha mwili wa sili, na 12 ni kimo pamoja na mdomo uliochomoza.

Kwa beringi mambo ni mepesi zaidi, kwa sababu namba yake si mali ya kampuni ya mashine. Ni namba ya dunia nzima. Beringi 6205 ya Japani, ya Sweden au ya China ina saizi moja: tundu milimita 25, nje 52, unene 15. Ile 6206 ni 30, 62 na 16. Kuanzia 04 kwenda juu, tarakimu mbili za mwisho ukizizidisha kwa 5 unapata tundu, kwa hiyo 05 ni 25 na 06 ni 30. Ndiyo maana beringi hainunuliwi kwa jina la mashine ya kufulia. Inanunuliwa kwa namba, kwenye duka la beringi, pale ambapo mwenye pampu ya kisima na mwenye mashine ya kusaga wananunua zao.

Angalia tu usipime upande mmoja. Beringi 6305 ina tundu la milimita 25 sawasawa na 6205, na kwa nje ni 62 sawasawa na 6206. Mtu aliyepima tundu peke yake anaweza kuchukua 6305 badala ya 6205. Aliyepima nje peke yake anaweza kuichukua badala ya 6206. Vipimo ni vitatu daima, na huchukuliwa kwa kalipa, si kwa rula ya shule. Kalipa ya plastiki ya bei nafuu inatosha, kwa kuwa hapa hatutafuti sehemu ya mia ya milimita, tunatafuta tofauti ya 15 na 17.

Herufi zinazofuata namba nazo zina maana. ZZ au 2Z ni vifuniko vya bati pande zote mbili. 2RS ni vifuniko vya mpira, ingawa kila kampuni ina lugha yake: SKF wanaandika 2RSH, NSK wanaandika DDU, NTN wanaandika LLU, na zote zinaeleza mpira unaogusa. Kwa mashine ya kufulia mimi huchagua mpira, kwa kuwa bati halizuii unyevu. Lakini mpira huo usikudanganye ukadhani unaweza kuchukua kazi ya sili kubwa. C3 maana yake nafasi kati ya gololi na njia zake ni kubwa kidogo kuliko kawaida. Kama ya zamani imeandikwa C3, nunua C3.

Sasa kupima sili ya zamani. Hapa wengi hukosea kwa sababu wanapima kitu kilichokwisha kuharibika. Mdomo wa ndani umelika, kwa hiyo ukisoma 38 haina maana sili ni ya 38. Mpira wa nje nao huenda umevimba kwa sabuni na grisi. Futa kwanza uso wa sili kwa kitambaa, maana mara nyingi namba na vipimo vimechapwa juu yake kwa herufi ndogo zilizojificha chini ya uchafu. Zisipoonekana, pima kikalio chake kwenye tangi, ile nafasi sili ilipokaa. Plastiki hailiki.

Kuna ukaguzi mwingine ambao hauhitaji katalogi wala mtandao. Beringi kubwa huingizwa kupitia upande uleule wa sili, kwa hiyo sili lazima iwe pana kuliko beringi hiyo. Beringi 6206 ina nje ya 62, sili yake ni 66: inakubali. Beringi 6306 ina nje ya 72, sili yake ni 76: inakubali. Ukitazama seti ya Samsung ndogo yenye beringi 6203 na 6204, sili yake DC62-00007A ina vipimo 25x50.55x10/12, beringi kubwa hapo ina nje ya 47, na 50.55 inaizidi. Sasa ukikuta tangazo linalouza 6306 pamoja na sili ya 66, funga ukurasa. Aliyeipanga seti hiyo hajawahi kufungua mashine.

Tuje kwenye hesabu. Nitaweka bei za mfano kwa shilingi za Tanzania ili uone mwenendo, nawe ubadilishe kwa bei za mtaani kwako. Tuseme fundi anatoza 100,000 kufumua mashine yote, kugonga beringi na kurudisha. Si bei ya kumlalamikia, maana ni kazi ya siku nzima: zege la uzito linatolewa, springi, mabomba, mota, kisha tangi linapasuliwa vipande viwili.

Njia ya kwanza ni seti isiyo na jina kutoka mtandaoni, tuseme 45,000 na kuletewa 15,000. Ukiongeza fundi unafika 160,000. Njia ya pili ni kugawa: sili kwa namba yake ya kiwandani kutoka mtandaoni, 30,000 na 15,000 ya kuletewa, halafu beringi mbili za kampuni inayojulikana kutoka duka la beringi, Kariakoo kwa mfano, 20,000 na 25,000. Pamoja na fundi ni 190,000. Tofauti ni 30,000. Sasa sili ya ile seti ya kwanza ikivuja kabla ya mwaka kwisha, hutalipia sili. Utalipia beringi, sili, usafiri na fundi upya, na bili yako itasimama kwenye 320,000. Ndiyo sababu kubana matumizi kwenye kipuri ambacho kukibadili kunagharimu kuliko chenyewe ni hesabu mbovu.

Njia ya tatu ni kununua tangi la nyuma zima likiwa na beringi na sili vimeshapachikwa kiwandani. Ni njia tamu kwa fundi, kwa sababu hagongi kitu. Tatizo ni usafiri. Kampuni za mizigo ya haraka ya ndege hazitozi kwa kilo za kwenye mizani tu. Huzidisha urefu, upana na kimo cha boksi kwa sentimita, zikagawa kwa 5,000, na kilo zitakazopatikana zikizidi za mizani, hizo ndizo unazolipia. Boksi la sentimita 60 kwa 60 kwa 35 linahesabiwa kilo 25.2, hata kama plastiki iliyomo ni ya kuinua kwa mkono mmoja. Juu yake kuna ushuru wa forodha na VAT, ambayo Tanzania Bara ni asilimia 18 na Kenya asilimia 16, na VAT hiyo hukokotolewa juu ya bei, usafiri na ushuru kwa pamoja. Sili moja kwenye bahasha haina maumivu hayo. Kama una ndugu Muscat au Sharjah anayekuja likizo, sili itakaa mfukoni mwake. Tangi hawezi kulibeba, na usimwombe.

Tangi la mtumba kutoka kwenye mashine iliyokufa kwa sababu nyingine lina maana pale tu unapolikuta karibu, ukalipima na kulizungusha kwa mkono. Hata hivyo litakuja na sili yenye umri uleule wa yako.

Kabla hujalipa, zungumza na muuzaji. Mazungumzo mafupi ya WhatsApp yanatosha:

"Kaka habari, naomba picha ya sili uliyonayo mkononi, siyo ya kwenye tangazo. Upande wenye maandishi."

"Hiyo ni orijino bosi, inaingia LG zote."

"Sawa kaka, nashukuru. Nipigie tu picha namba yake, na kalipa ikiwa imeshika upande wa nje. Isomeke 66."

Muuzaji wa kweli atatuma picha, au atasema hana kalipa ila namba hii hapa. Yule anayerudia neno "orijino" mara tatu bila picha, mwache. Mwulize pia kama atapokea kipuri kikirudishwa hakijafungwa kwenye mashine, na uyaweke majibu hayo kwa maandishi. Sili iliyokwisha kugongwa haikubaliki dukani popote, kwa hiyo linganisha mpya na ya zamani mezani kabla fundi hajanyanyua nyundo.

Beringi za majina makubwa nazo hughushiwa sana. Boksi zuri si ushahidi. SKF wana programu ya simu iitwayo SKF Authenticate ya kukusaidia kukagua, lakini dalili ya kwanza ni bei. Beringi yenye jina kubwa inayouzwa sawa na isiyo na jina, ujue ni ile isiyo na jina iliyovalishwa boksi.

Je, uagize kwanza au ufumue kwanza? Kipuri kinaweza kuchukua wiki kadhaa njiani, na hakuna anayetaka mashine ikae vipande vipande sebuleni. Hata hivyo napendekeza kufumua kwanza, kwa sababu kuna mambo mawili yanayoweza kufuta ununuzi wote. La kwanza ni ule msalaba wa aluminiamu wenye mikono mitatu unaoshika pipa na shafti. Sabuni huula, na ukikuta umepasuka au unamong'onyoka kama chaki, beringi mpya hazitaokoa kitu mpaka nao ubadilishwe. Hapohapo pitisha ukucha kwenye pete ya shafti ambako mdomo wa sili hukaa. Ukucha ukinasa kwenye mfereji, sili mpya itavuja hata ikiwa sahihi kwa kila namba. La pili ni tangi lenyewe. Baadhi ya mashine zina tangi lililoyeyushwa na kuunganishwa pembeni badala ya kufungwa kwa skrubu. Hilo halifunguki bila msumeno, na kulirudisha kwa gundi na skrubu ni kazi ya fundi aliyewahi kuifanya, siyo ya anayejifunzia kwako.

Kama tangi lina skrubu, msalaba ni mzima na shafti ni laini, mashine inastahili fedha zako. Nunua sili kwa namba ya mtengenezaji pamoja na vipimo vyake, nunua beringi kwa namba yake ya dunia kwenye duka la beringi la karibu, ongeza kijiko cha grisi isiyoyeyuka majini kwenye mdomo wa sili, na seti zile za "inafaa zote" uziache palepale zilipo.